Pini Nyingi Kuliko Kitambaa

Kazini waliniita Chapchap, na nilijivunia jina hilo kuliko cheti changu. Maabara yetu ina chumba kimoja cha vipimo vya homoni, meza mbili, jokofu linalokoroma na mashine ya kusoma rangi ambayo lazima uipige kofi kidogo ndipo iwake. Wenzangu wakianza kupanga mirija, mimi nishamaliza sahani nzima. Wao wakila chakula cha mchana saa nane, mimi saa sita na nusu nishajipangusa mdomo. Wapo watu wanaosema haraka haraka haina baraka. Niliwaacha waseme.

Mwaka ule dada yangu mkubwa alianza kuwa mwingine. Yeye ni fundi cherehani, tena si fundi wa kubahatisha. Gauni likitoka mkononi mwake, mwenye nalo hutembea kama amekabidhiwa nchi. Kuongea kwake kulikuwa mvua ya mawe. Sasa akawa anaanza sentensi na kuisahau katikati. Akavimba uso. Akawa anavaa sweta mbili mchana wa jua kali, na sauti yake ikawa nzito mpaka wanawe wakanipigia simu kuniuliza, "Mama mdogo, mama ana nini?" Nilimshika mkono nikamleta hospitalini kwetu, nikamtoa damu mwenyewe, nikaipima mwenyewe. Nani mwingine angempima dada yangu?

Majibu yalimchanganya daktari. Homoni ya tezi ya shingo ilikuwa chini kabisa, karibu na hakuna. Hapo mtu yeyote angetegemea TSH iwe juu sana, maana TSH ndiyo amri inayotolewa na pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi ya shingo ikilala, pituitari hupiga kelele: amka, fanya kazi. Lakini TSH ya dada ilisoma saba tu. Mwisho wa kawaida ni nne na kitu.

"Saba ni kunong'ona," daktari aliniambia, akiigeuza karatasi kama vile nyuma kungekuwa na jibu zuri zaidi. "Kwa tezi iliyolala hivi, pituitari ingekuwa inapiga mayowe. Naona mwenye ugonjwa ni yeye pituitari."

Alimpeleka kupigwa picha ya kichwa. Picha ikarudi na pituitari iliyovimba. Basi ikawa ni uvimbe, na uvimbe dawa yake ni kisu. Daktari wa upasuaji wa hospitali kubwa alimpangia Jumatatu, akamweleza kwamba hawatapasua fuvu, watapitia puani.

"Puani," dada aliniambia siku hiyo, taratibu, kila neno likivutwa kwa kamba. "Mdogo wangu, pua hii hata mafua inayashindwa. Leo watu wazima wapite humo na vyuma."

Nilicheka ili yeye asilie, halafu nikaenda chooni nikalia mimi. Jumamosi yake nilimkuta kibandani kwake akigawa vitu. Mkasi mkubwa alishampa jirani, na vitambaa alikuwa anavipanga mafungu kwa majina ya wanawe. Hakusema kwamba anaogopa kufa, ila alikuwa anakunja vizuri mno. Nilimwambia aache upuuzi, akaniangalia kwa yale macho yaliyovimba, akaendelea kukunja.

Jumatano iliyofuata, siku tano kabla ya upasuaji, daktari alitaka kipimo kimoja zaidi, kotisoli ya asubuhi. Sababu yake ilikuwa ya maana. Kama pituitari imeharibika, huenda hata kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kuhimili misukosuko, imekauka. Mtu wa namna hiyo ukimpasua, au ukimpa dawa ya tezi ya shingo kabla ya kumrudishia kotisoli, unaweza kumwangusha kabisa. Kwa hiyo saa mbili asubuhi dada alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mkono umenyooshwa, akitazama mrija ukijaa.

"Majibu lini?"

"Leo leo. Kaa hapo nje, nitakuita."

"Nje baridi."

Hakukuwa na baridi. Lakini mkuu wetu wa maabara, mama mmoja mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alimhurumia akamruhusu kukaa kwenye stuli upande wa pili wa kioo cha chumba changu, dirisha dogo likiwa wazi tuweze kusikilizana. Nikavaa glavu, nikaanza.

Kipimo cha kotisoli nakipenda kwa sababu ni cha haraka. Sahani yake ni ya plastiki, ina visima vidogo vidogo tisini na sita, na chini ya kila kisima kumegandishwa kingamwili zinazoijua kotisoli tu. Unamimina maji ya damu ya mgonjwa, na papo hapo unamimina kotisoli ya boksi, ambayo imefungwa kimeng'enya cha kutoa rangi. Unasubiri, unaosha, unaweka dawa ya rangi, unasoma.

"Kwa nini umemimina vyote viwili?" dada aliuliza. Fundi ni fundi. Macho yalikuwa mazito lakini yalikuwa bado yanafuata mikono.

"Ili vigombane. Humo ndani viti ni vichache. Kotisoli yako haina rangi, ya boksi inayo. Zinagombea viti. Kama wewe unayo nyingi, yako inakaa, ya boksi inakosa pa kukaa, tunaiosha inaondoka. Rangi inakuwa hafifu."

"Yaani rangi ikikolea, mimi sina kitu."

"Umeshika. Njano iliyokolea, kotisoli kidogo. Njano iliyofifia, kotisoli tele. Kipimo cha kinyumenyume."

Alifikiri. Zamani angeshajibu mara tatu. "Na ile ya kwanza? Ile iliyoleta balaa la pua?"

"TSH? Ile si ya kinyume. Rangi ikizidi, homoni imezidi."

"Kwa nini visiwe sawa? Homoni si homoni?"

Swali zuri, na mimi nikiulizwa swali zuri navimba kichwa. Nilikuwa na saa nzima ya kusubiri, nikavua glavu, nikasogea dirishani. Nilimwambia kwamba kotisoli ni kitu kidogo mno, kama ushanga, kingamwili mbili haziwezi kuishika kwa pamoja, nafasi haipo. Ndiyo maana tunaigombanisha. TSH ni kubwa, ina huku na huku. Kwa hiyo kuna kingamwili ya chini, iliyogandishwa kwenye kisima, inayoshika upande mmoja. Na kuna kingamwili ya juu, yenye rangi, inayoshika upande wa pili.

"Ni kama wewe unavyounga vitambaa viwili kwa pini," nilisema. "Kitambaa cha chini, kitambaa cha juu, TSH ndiyo pini inayopita kote kuwili. Pini zikiwa nyingi, vitambaa vingi vya juu vinashikwa. Na rangi iko kwenye kitambaa cha juu. Pini nyingi, rangi nyingi."

Dada aliinamisha kichwa. Nilidhani amesinzia, maana siku hizo alisinzia hata akiwa na kijiko mdomoni. Nikataka kurudi kwenye sahani yangu.

"Pini zikizidi je?" akasema.

"Nimekwambia, rangi inazidi."

"Sikiliza. Nikichukua pini kilo nzima, nikazimwaga katikati ya vitambaa vyako. Cha chini kitajichoma pini zake, kijae. Cha juu kitajichoma zake, kijae. Kila kimoja kina pini zake tele." Alipumzika, akavuta pumzi. "Sasa kipi kitashikana na kipi?"

Wanafunzi wa chuo huwa tunawafundisha jambo hilo kwa kuchora mstari unaopanda, unafika kileleni, halafu unapinda kushuka kama ndoano. Homoni ikizidi kupita kiasi, inazijaza kingamwili za chini na za juu kila moja peke yake, zisiungane. Rangi inapungua. Mashine, ambayo haina akili, inaona rangi kidogo na kuandika homoni kidogo. Dada yangu aliyeishia darasa la saba alikuwa ameifikia ndoano yote kwa pini.

Nikamjibu kwa kujiamini, kama mwalimu. "Ndiyo maana hatuvimwagi pamoja. Kwenye TSH unaweka damu kwanza, unasubiri saa nzima, halafu unaosha. Pini zote za ziada zinakwenda na maji. Ndipo unaleta kitambaa cha juu. Kwa hiyo tatizo hilo halipo."

"Unaosha kabla."

"Tunaosha kabla."

"Wewe unaosha?"

Niligeuka nikalitazama boksi la TSH kwenye rafu.

Maana nilikuwa sioshi kabla. Wiki tano nyuma, siku moja yenye foleni, nilijiambia: kwenye kotisoli tunamimina vyote pamoja na hakuna kinachoharibika, kwa nini TSH inioneshe maringo ya hatua mbili? Nikamimina damu na kingamwili ya rangi kwa mpigo mmoja, nikaosha mara moja tu mwishoni. Nikaokoa dakika arobaini. Vipimo vya kujihakiki vilitoka barabara, kwa sababu vile ni vya TSH ya mbili na ya kumi na tano, wala havifiki kwenye ndoano. Kila mgonjwa alitoka sawa. Nikaendelea hivyo, nikijisifu. Kwenye kotisoli kumimina pamoja ndiko kipimo chenyewe, bila kugombana hakuna kinachopimwa. Na hata kotisoli ingekuwa pipa zima, rangi ingezidi tu kufifia, haigeuki ikarudi. Kwenye TSH nilikuwa nimeutoa ukuta uliokuwa unazuia mafuriko.

"Mdogo wangu," dada alisema. "Una nini?"

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Usiende popote."

Damu yake ya mara ya kwanza ilikuwa bado kwenye friza, mrija una mwandiko wangu. Nikaiyeyusha mkononi, kwa joto la kiganja. Nikapanga visima vitatu vya TSH pembeni mwa visima vya viwango, vile ambavyo kiasi chake kinajulikana. Cha kwanza, damu kama ilivyo, vyote pamoja, kwa njia yangu ya mkato. Cha pili, damu ileile niliyoizimua mara kumi, bado kwa njia ya mkato. Cha tatu, damu kama ilivyo, lakini hatua mbili, na kuosha katikati, kama boksi linavyoamuru kwa herufi nilizokuwa nimeacha kuzisoma.

Sikuwahi kusubiri hivyo tangu nizaliwe. Katikati ya kusubiri, kotisoli ilikamilika. Kisima chake kilikuwa na njano iliyofifia. Mashine ikapigwa kofi, ikaandika mia nne na kumi. Nzuri kabisa kwa asubuhi. Pituitari ya mtu huyu ilikuwa inatoa amri zake za kotisoli bila shida. Hilo peke yake halikuthibitisha lolote, ila lilinifanya nizidi kukiangalia kile kisima cha pili.

Nikaweka dawa ya rangi. Cha kwanza kikapata njano ya kinyonge, ile ile saba ya mwanzo. Cha pili, kile nilichokimwagia kimiminika cha kuzimulia mara kumi, kilianza buluu, ikakolea, ikakolea tena, na nilipoweka tindikali ya kusimamisha kikageuka njano nzito kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nimezimua, na rangi imeongezeka. Cha tatu, nilichokiosha, kilikuwa hivyo hivyo. Mashine ikaandika kwa vyote viwili: zaidi ya arobaini, nje ya kipimo.

Nikapiga vigelegele ndani ya maabara, mahali ambapo hata kutafuna karanga ni marufuku.

Mkuu alikuja mbio, miwani ikimpiga kifuani. Dada aliinuka kutoka kwenye stuli yake akishika ukuta. Nikawaambia wote wawili kwa mpigo: si saba, ni zaidi ya arobaini, pituitari inapiga mayowe, tulikuwa tumeziba masikio. Mkuu akatazama visima vitatu. Ana miaka ishirini na nane ya kazi, hakuhitaji maelezo marefu.

"Kisima cha kwanza ni njia gani?" akauliza.

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Ningeweza kusema boksi lilikuwa bovu, au friza ilizimika. Mkuu angeniamini, na Chapchap angebaki Chapchap. Nilimwangalia dada dirishani, na yale masweta yake mawili.

"Ni njia yangu," nilisema. "Nimekuwa nikimimina pamoja, kama kotisoli. Wiki tano sasa. Hii saba niliitengeneza mimi."

Mkuu hakufoka, na ni afadhali angefoka. Alivaa miwani, akachukua pipeti, akaniambia, "Zimua mara hamsini. Hatua mbili. Nitasimama hapa." Akasimama kweli, saa nzima na nusu, mikono nyuma, mimi nikiosha kama ninayeosha dhambi. Mashine ikasoma ishirini na nne nukta nane. Zidisha kwa hamsini: elfu moja mia mbili na arobaini. Mkuu akasema hajawahi kuiona namba hiyo maishani mwake, akaiandika mara mbili.

Tuliingia kwa daktari sote watatu. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Basi pituitari haina uvimbe wa kukatwa," alisema. "Imevimba kwa kazi. Miezi mingi inaiita tezi ya shingo bila kuitikiwa, inaongeza wafanyakazi, inakuwa kubwa. Tukimpa homoni anayokosa, kuna kila dalili kwamba itanywea yenyewe." Akanigeukia. "Kotisoli?"

"Mia nne na kumi."

"Vizuri. Basi tunaweza kuanza vidonge kesho asubuhi, kwa dozi ndogo, tupande polepole." Palepale akanyanyua simu, akamtafuta daktari wa upasuaji, akamwambia afute upasuaji wa Jumatatu. Nilisikia upande wa pili ukiuliza maswali mengi, na daktari akijibu yote bila kunitaja; akasema tu kwamba maabara imegundua kosa na maabara ndiyo iliyolisahihisha.

Dada alikuwa bado njiani. Ubongo wake ulikuwa unatembea kwa miguu, na sisi tulikuwa tunaendesha gari. Tulipotoka nje kwenye ngazi ndipo alipofika.

"Kwa hiyo hawapiti puani."

"Hawapiti."

"Kidonge."

"Kidonge kimoja, asubuhi, kabla ya kula. Kila siku, maisha yako yote."

"Na wewe ndiye uliyekosea."

"Mimi, dada." Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakaniishia. "Nusura nikupasue kichwa kwa sababu ya dakika arobaini. Nisamehe."

Aliketi kwenye ngazi, nami nikaketi.

"Kuna gauni niliwahi kulikata mgongo nikadhani kifua," alisema hatimaye. "La bibi harusi. Ningeweza kuficha kwa lesi. Nililifumua mbele yake, ananiangalia, analia. Nikalishona upya." Akavuta sweta. "Wiki tano umepima watu wangapi?"

"Sitini na kitu."

"Nenda ukafumue."

Nilifumua. Ukiondoa ya dada, sampuli zote sitini na tatu zilikuwa kwenye friza, na Mkuu aliniambia nitazirudia mwenyewe, hatua mbili, na kila jibu atalitazama. Ilichukua siku nne. Sitini na tatu zote zilikuwa sahihi. Ndoano haikuwa imemnasa mtu mwingine, kwa sababu TSH ya elfu moja ni kitu unachokiona mara moja katika maisha ya kazi, na mimi niliipata kwa mtu niliyenyonya naye ziwa moja. Hata hivyo nilimwandikia barua kila daktari aliyepokea majibu yale, nikaeleza nilichofanya. Wawili walinijibu kwa ukali. Mmoja alinijibu kwamba ameibandika barua ile ukutani kwa wanafunzi wake.

Dada alimeza kidonge chake cha kwanza Alhamisi, na kwa wiki tatu hakuna kilichoonekana, nikaanza kuogopa upya. Wiki ya nne alivua sweta moja. Wiki ya sita alimpigia jirani simu kudai mkasi wake, akamtukana kidogo kwa kuutumia kukatia karatasi. Wanawe wakaanza kulalamika kwangu kwamba mama anaongea mpaka redio inazimwa kwa aibu. Mwezi wa tano picha ya kichwa ilirudiwa, na pituitari ilikuwa imenywea, ndogo na nadhifu.

Mwezi wa sita alikuja kupimwa tena. Nilimtoa damu, nikaimimina kwenye visima, nikaweka saa. Akaja dirishani baada ya dakika kumi. Alikuwa na wateja watatu wanaomsubiri na tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Tayari?"

"Bado."

"Wewe si Chapchap? Nina gauni mbili za leo. Mwaga hiyo nyingine tuondoke."

"Dakika hamsini, dada. Halafu naosha. Halafu nusu saa nyingine."

"Mimi ni nduguyo wa damu."

"Ndiyo maana."

Akabamiza dirisha, akaenda kukaa kwenye benchi, akaanza kumsimulia mgonjwa asiyemjua habari za pua yake tangu mwanzo. Sauti yake ilijaa korido nzima, kali, ya haraka, haina nafasi ya mtu kuingiza neno. Niliisikiliza kwa saa yote ile bila kugusa sahani, na machozi yalikuwa yananidondokea ndani ya barakoa. Saa ilipolia, nikaosha.